Sura ya Tano: Gitaa Halina Kosa

Mpiga gitaa anapoanza kutupwa mkono na masikio yake, walio karibu naye humwekea mbele njia mbili tu: aendelee kupiga au aache. Mke husema aache, maana haitiki tena akiitwa kutoka chumba cha pili. Wenzake bendini husema aendelee, maana nafasi ya solo haina mtu wa kuizibia. Yeye mwenyewe huyumba katikati, na mara nyingi huchagua njia ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja, yaani kunyamaza na kuongeza sauti. Hoja ya sura hii ni kwamba swali hilo lenyewe limekaa upande. Gitaa ni ubao, nyuzi sita na vidole. Peke yake halijaharibu sikio la mtu. Kinachoharibu ni ukubwa wa sauti ukizidishwa kwa muda, na hivyo viwili mtu anaweza kuviamua bila kuweka chombo chini. Nitaipima hoja hiyo kwa mtu mmoja ambaye habari zake zimejulikana kwa zaidi ya nusu karne, Mwingereza Pete Townshend wa bendi ya The Who, kwa sababu yeye aliupitia mkasa huu hatua kwa hatua, alikosea katikati ya njia, akajirekebisha, na yote hayo aliyafanya mbele za watu.

Townshend alizaliwa mwaka 1945 huko London, na alipofika umri wa miaka 20 alikuwa na tatizo tofauti kabisa na hili: hakusikika. Mpiga besi wake, John Entwistle, alikuwa na mkono mzito, na mpiga dramu, Keith Moon, hakujua maana ya kupiga polepole. Amplifaya za wakati ule zilikuwa ndogo, na wasikilizaji wa kumbi za London walipiga kelele zao wenyewe. Townshend na Entwistle walikwenda kwa Jim Marshall, fundi na mwenye duka la vyombo vya muziki, wakamtaka awatengenezee kitu chenye nguvu zaidi. Kutokana na madai ya wapigaji kama hao ikazaliwa amplifaya ya wati 100, na ule mtindo wa kupanga makabati ya spika moja juu ya jingine mpaka yakapita urefu wa mtu. Picha za majukwaa ya roki ambazo dunia nzima inazijua, zenye ukuta mweusi wa spika nyuma ya mpigaji, chanzo chake ni vijana waliokuwa wanashindana kusikika ndani ya bendi moja. Spika za kabati la juu zilikuwa usawa wa kichwa cha mpigaji, na yeye akasimama mbele yake kwa miaka.

Wanaosimulia jinsi masikio yake yalivyoharibika hupenda kuifupisha habari hiyo kwa tukio moja. Mwaka 1967, katika kipindi cha televisheni huko Marekani, Keith Moon aliweka baruti ndani ya dramu kubwa, na iliporipuka Townshend alikuwa hatua chache kutoka hapo. Ni kisa kizuri, kina moshi na nywele zilizoungua, na hakuna shaka kwamba mlipuko wa karibu unaweza kujeruhi sikio kwa mara moja. Wengine hupendelea tamasha la Mei 31, 1976 katika uwanja wa mpira wa Charlton, London, ambapo sauti ya The Who ilipimwa ikazidi desibeli 120 mbali na jukwaa, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikaiandika kuwa bendi yenye sauti kubwa kuliko zote. (Baadaye Guinness waliifuta kabisa rekodi ya namna hiyo, wasionekane wanawachochea watu waharibu masikio.) Lakini Townshend mwenyewe, alipoandika juu ya jambo hili katikati ya miaka ya 2000, lawama kubwa hakuitupia baruti wala uwanja. Aliitupia hedifoni za studioni, zile alizozivaa saa nyingi, usiku baada ya usiku, akirekodi na kusikiliza alichorekodi kwa sauti ya juu. Namwamini, kwa sababu maelezo yake yanakwenda sambamba na yanayojulikana kuhusu sikio, kwamba madhara makubwa huja kidogokidogo, na mara nyingi huja mahali ambapo hakuna mtu wa kushangilia.

Ndani ya sikio, nyuma ya ngoma na vifupa vitatu vidogo, kuna mrija uliojikunja kama konokono, umejaa maji. Ndani yake zimepangwa chembe zenye vinywele, kiasi cha elfu kumi na tano hivi kwa kila sikio. Zilizo mlangoni hupokea sauti nyembamba za juu, na zilizo ndani kabisa hupokea sauti nzito za chini. Sauti inapoingia, maji hutikisika, vinywele huinama, na chembe hutuma habari kwenye ubongo. Sauti ikizidi, chembe huchoka, na mtu hutoka ukumbini akiwa kama amezibwa pamba masikioni, akisikia mlio mwembamba usiokoma. Akilala, asubuhi mara nyingi hali hurejea. Ni kurejea huko kunakowadanganya wengi, kwa sababu baadhi ya chembe hazikurudi, na kwa binadamu chembe iliyokufa haioti tena. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walionyesha kwa panya jambo lingine la kutia wasiwasi: hata pale ambapo kipimo cha usikivu kilirudi sawasawa baada ya kelele, sehemu kubwa ya viungo kati ya chembe na mishipa ya fahamu ilikuwa imepotea. Kama kwa binadamu mambo ni hivyohivyo, basi mtu anaweza kupewa cheti cha masikio mazima huku akishindwa kufuata mazungumzo katika baa yenye watu.

Hapa ndipo habari ya gitaa inapokuwa na upekee wake, nami nitakaa hapa kidogo. Madhara ya kelele hayaanzi popote tu. Huanza karibu na sauti zenye mitikisiko 4,000 kwa sekunde, na kwenye karatasi ya kipimo huonekana kama shimo lililochimbwa mahali hapo, huku pande zote mbili mstari ukiwa bado juu. Sasa tulilinganishe shimo hilo na gitaa. Uzi mnene wa juu ukipigwa bila kubanwa hutoa mitikisiko 82 kwa sekunde. Uzi mwembamba wa chini hutoa 330. Panda mpaka freti ya 12 ya uzi huo mwembamba, utapata 659. Hata mwisho kabisa wa shingo, freti ya 24 kwa magitaa yaliyo nayo, hufiki 1,400. Kwa maneno mengine, hakuna noti hata moja ya gitaa ambayo msingi wake unakaa kwenye shimo. Mpigaji anaweza kuwa amepoteza nusu ya uwezo wake katika eneo la 4,000 na bado akasikia kila noti anayoipiga, akaijua ni noti gani, na akatambua kama imepotoka. Kinachomtoka ni kitu kingine: ile kucha ya sauti, mkwaruzo wa piki unapogusa uzi, mng'ao unaomfanya msikilizaji atofautishe uzi mpya na uzi wenye kutu. Noti zipo, makali hayapo. Kwake gitaa linasikika kana kwamba limefunikwa blanketi.

Kwa kuwa noti zote zipo, hadhani kwamba anapoteza usikivu. Hudhani amplifaya imechoka. Hubadili nyuzi, hulaumu fundi mitambo, kisha hunyoosha mkono kwenye kitufe cha sauti za juu na kukizungusha. Blanketi linaondoka kwa muda, naye huridhika. Wenzake waliosimama upande wa pili ndio wanaoumia, maana kwao gitaa sasa linakata kama msumeno. Mwimbaji hapati sauti yake, anaomba aongezewe kwenye spika za jukwaani. Mpiga dramu naye anaongeza nguvu. Na mwenye gitaa, akiwa amezidiwa, anaongeza tena. Hivyo sikio lililoanza kufa linadai dawa ileile inayoliua. Wahenga waliposema sikio la kufa halisikii dawa walikuwa na maana nyingine, lakini hapa usemi wao unasimama hata ukichukuliwa neno kwa neno. Ndiyo maana dalili ya mwanzo ya kuaminika haipatikani kwa mpigaji mwenyewe. Iko kwenye vitufe vyake, vikilinganishwa na vilipokuwa miaka mitatu iliyopita, na kwenye nyuso za wenzake. Dalili ya pili iko nyumbani: husikia kwamba mtu anaongea lakini hapati neno, kwa sababu s, f, na t hukaa juu, karibu na lile shimo, ilhali irabu ziko chini salama. "Sita" na "tita" humfikia kama neno moja. Ya tatu ni mlio wa masikioni unaogoma kuondoka asubuhi.

Townshend alifika hapo mapema kuliko wengi. The Who walifanya ziara ya kuaga mwaka 1982, na mwaka uliofuata yeye akajitoa. Tungeishia hapo tungepata hadithi nyepesi ya mpigaji aliyeshindwa na masikio na kuacha. Lakini mwaka 1989 bendi ilirudi kwa ziara kubwa, na namna ilivyorudi ndiyo ushahidi wangu mkuu. Townshend alipanda jukwaani akiwa hasa na gitaa kavu. Sehemu nyingi za gitaa la umeme, zile zilizompa jina, alipewa mtu mwingine, Steve Bolton. Bendi ya watu wanne ikajazwa wapigaji wengine, wakiwamo wa tarumbeta, ili uzito wa muziki utokane na wingi wa mikono na si ukubwa wa mashine moja iliyo nyuma ya mtu mmoja. Baadhi ya mashabiki hawakupenda, na wana haki yao. Haikuwa The Who ya 1970. Hata hivyo angalieni alichokitenganisha. Alijua kwamba kazi ya mpiga gitaa wa bendi ile ilikuwa kazi mbili zilizofungwa pamoja kwa mazoea: kuongoza wimbo kwa mkono wa kulia, na kusimama mbele ya spika. Ya kwanza aliibakiza. Ya pili alimwachia mwingine. Huo ni uamuzi wenye akili kuliko kuacha na kuliko kuendelea, na ungeweza kufanywa miaka kumi kabla.

Tuihamishe hesabu hiyo kwenye ukumbi wa dansi wa Afrika Mashariki, ambako bendi huanza usiku na kumaliza usiku wa manane, siku tatu au nne kwa wiki. Kanuni inayotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini ni kwamba desibeli 85 zinavumilika kwa saa nane kwa siku, na kwa kila desibeli tatu zinazoongezeka muda huo hukatwa nusu. Kwa 88 ni saa nne, kwa 91 ni mbili, kwa 94 ni moja, kwa 97 ni nusu saa, na kwa 100 ni dakika kumi na tano. Mpiga solo aliyesimama kati ya amplifaya yake na matoazi ya dramu hupata desibeli 100 bila taabu yoyote. Akipiga saa nne, amekula posho ya siku kumi na sita kwa usiku mmoja. Sasa tumpe vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote kwa uwiano sawa, vya desibeli 15. Kinachoingia sikioni ni 85, na saa zake nne ni nusu tu ya posho ya siku. Bendi ileile, ukumbi uleule, nyimbo zilezile. Au, kama hataki vizibo hivyo, bendi ishuke kwa desibeli sita hadi 94 na yeye avae vyepesi vya desibeli tisa. Jibu ni lilelile. Ninasisitiza aina ya vizibo kwa sababu vile vya sponji vya kiwandani hukata sauti za juu zaidi ya za chini, yaani huongeza lile blanketi, na mpigaji huvitupa baada ya wimbo wa pili. Hapo hatumlaumu.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wapigaji wenyewe, na si la kijinga. Husema sauti ndogo si sauti ileile iliyopunguzwa. Amplifaya za valvu hubadilika tabia zikifikishwa mwisho wa nguvu zake, na uzi wenyewe hudumu zaidi unapotikiswa na spika iliyo karibu. Ni kweli. Lakini ukweli huo unadai amplifaya isukumwe, haudai iwe ya wati 100. Amplifaya ya wati tano au kumi hufika mwisho wa nguvu zake mapema zaidi, na kipaza sauti kikiwekwa mbele yake, ukumbi hautajua tofauti. Kuna jambo dogo zaidi ya hilo, linalopuuzwa kila siku. Spika ya gitaa hurusha makali yake mbele moja kwa moja, kama tochi. Amplifaya ikiwekwa sakafuni nyuma ya mpigaji, makali hayo yanapiga mashavu ya miguu yake, na watu wa mstari wa mbele wanayapata usoni. Yeye, kwa kuwa hayasikii, huongeza. Iinue juu ya kiti, au iinamishe itazame kichwa chake, na mpigaji mwenyewe atapunguza sauti bila kuambiwa, maana sasa anakipata alichokuwa anakitafuta. Katika hatua zote zinazotajwa katika sura hii, hii haigharimu hata shilingi.

Pingamizi la pili huja na jina la Beethoven. Kama yeye aliendelea akiwa kiziwi, husemwa, kwa nini mpiga gitaa ahangaike na desibeli? Lakini waliozisoma habari zake vizuri wanajua kwamba Beethoven anathibitisha kinyume. Masikio yalianza kumsumbua kabla ya kufika miaka 30, na mwaka 1802 aliwaandikia ndugu zake barua ya uchungu kutoka Heiligenstadt. Aliendelea kutunga, naam, hadi Simfonia ya Tisa iliyopigwa Vienna Mei 1824. Kupiga ndiko alikokuacha. Kufikia mwaka 1814 alikuwa karibu amekomesha kupiga piano hadharani, na mpiga fidla Louis Spohr, aliyesikia mazoezi yake ya wakati huo, alieleza sababu: palipotakiwa nguvu aligonga mpaka nyuzi zikakwaruza, na palipotakiwa upole aligusa kidogo mno hata noti nyingi hazikusikika kabisa. Hili ni jambo linalofahamika kwa wenye masikio yaliyojeruhiwa. Nafasi kati ya sauti ndogo kabisa wanayoisikia na sauti kubwa inayowaumiza husinyaa, kwa hiyo wakati mmoja huambulia patupu na wakati unaofuata hupigwa kofi. Hata kwenye ile Simfonia ya Tisa, Beethoven alisimama jukwaani akipunga mikono, lakini wapigaji walikuwa wameambiwa wamtazame Michael Umlauf. Mtunzi anaweza kusikia kichwani. Mpigaji anahitaji kusikia kilichotoka mkononi sasa hivi, na hata fikra kubwa namna gani haiwezi kumfanyia kazi hiyo.

La tatu ndilo zito, na hapa sina budi kuipunguzia hoja yangu ukali. Si kila usikivu unaofifia umeletwa na kelele. Kuna uzee, kuna kuganda kwa vifupa vya sikio la kati ambako mara nyingine hutibika kwa upasuaji, kuna dawa zinazodhuru sikio, na kuna ugonjwa wa Meniere, unaokuja na kizunguzungu na kuyumbisha usikivu siku hadi siku. Mwimbaji wa Marekani Huey Lewis alipata pigo la namna hiyo mwaka 2018 na kufuta maonyesho yake, kwa sababu muziki ulimfikia umepotoka na hakuweza kuushika ufunguo wa wimbo. Kwa mtu kama huyo, kushusha amplifaya hakurudishi chochote. Kwa hiyo uamuzi wowote, wa kuacha au wa kubaki, ukifanywa kabla ya kipimo ni kupiga ramli. Kipimo chenyewe ni chumba tulivu, hedifoni, kitufe cha kubonyeza kila usikiapo mlio, na nusu saa. Mtaalamu akikuta shimo la 4,000 kwenye masikio yote mawili, kelele ndiyo mshukiwa wa kwanza, na hapo kuna habari njema iliyojificha ndani ya mbaya: madhara ya kelele kwa kawaida hayasongi mbele sana kelele ikikoma, ingawa umri bado utadai fungu lake. Akikuta mstari uliolala chini upande wa sauti nzito, au sikio moja limeachwa mbali na jingine, habari ni tofauti na mgonjwa apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo bila kuchelewa.

Watauliza kuhusu mashine. Shimesikio, kifaa cha kusaidia kusikia, kilibuniwa kwa ajili ya maneno, na gitaa hukichanganya. Kifaa kimefundishwa kuzima mlio mrefu usiobadilika, kwa sababu mlio kama huo kwa kawaida ni kifaa chenyewe kikijipigia mluzi. Noti ya gitaa iliyoshikiliwa kwa sekunde nne inafanana sana na mluzi huo, na kifaa huanza kupigana nayo. Mpigaji husikia noti ikitetemeka kana kwamba iko chini ya maji. Vilevile mlango wa vifaa vingi umewekewa kimo kinachotosha kelele za mtu anayezungumza, na muziki wa jukwaani hugonga kizingiti na kukatika kabla haujachakatwa. Dawa ni kumtaka mtaalamu aweke mpangilio wa pili wa muziki, wenye kuzima vita dhidi ya mluzi na dhidi ya kelele, na mpigaji aende na gitaa siku ya kurekebisha. Kupatanisha nyuzi za gitaa ni rahisi zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kipimo kidogo kinachobanwa kichwani mwa gitaa husoma mtikisiko wa mti wenyewe na hakitegemei hewa wala sikio. Asiyekipenda ana njia ya kale: aguse freti ya tano kwenye uzi mmoja na ya saba kwenye ule mwembamba unaofuata, isipokuwa kati ya uzi wa tatu na wa pili, aziache ziimbe pamoja, asikilize wimbi linalopanda na kushuka. Wimbi likipungua kasi hadi likafa, nyuzi zimepatana. Milio hiyo miwili iko kwenye eneo la mia chache tu, mbali na shimo, na mpigaji akiegemeza taya kwenye mwili wa gitaa ataisikia hata kama nje hasikii vizuri.

Basi ni lini kuacha kunakuwa jibu sahihi? Wakati huo upo, nami nisingependa msomaji adhani nimekuja na dawa ya kila mtu. Dalili ninayoipa uzito ni moja: noti ileile ikifika kwenye masikio mawili kwa vimo tofauti, yaani la kushoto likisikia iko juu na la kulia likisikia iko chini, na hali hiyo ikadumu baada ya majuma kadhaa ya utulivu. Hapo kipimo cha gitaa kitasema nyuzi zimepatana na kichwa kitakataa, na hakuna kitufe cha kumpatanisha mtu na kichwa chake. Kuimba na kuvuta uzi kwa kidole hakuwezekani tena kwa uaminifu mbele ya watu waliolipa kiingilio. Hata hivyo kupiga peke yake nyumbani, kufundisha, kutunga, hakujafungwa. Yale mengine yote yanayowaacha wapigaji gitaa wakilia, blanketi, mlio wa asubuhi, kushindwa kusikia maneno, yanadai sauti ipungue, na hayadai zaidi ya hapo. Anayeficha dalili hizo kwa wenzake ili asipoteze nafasi, na asisahau: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Townshend alirudi tena kwenye hatari. Kadiri miaka ya 1990 ilivyosonga, gitaa la umeme lilirudi mkononi mwake, na sauti ikarudi nalo. Mapema mwaka 2010, mwaka huohuo The Who walipopiga kwenye mapumziko ya fainali ya mpira wa Kimarekani, mlio wa masikioni ulimrudia kwa nguvu, naye akatamka wazi kwamba kama hautatatulika bendi imekwisha. Alikwenda kutafuta ushauri wa mtaalamu wa usikivu na kujaribu vispika vidogo vya kuvaa ndani ya sikio, ambavyo huziba kelele za nje na kumletea mpigaji mchanganyiko wake mwenyewe kwa kiasi anachokichagua. Vifaa hivyo navyo vina mtego: anayeviziba vizuri kisha akavipandisha hadi kimo cha jukwaa amejirudishia zile hedifoni za studioni. Vinamlinda anayeshusha tu. Ziara ziliendelea tangu mwaka 2012. Mei 19, 2025 Townshend alitimiza miaka 80, na kuanzia Agosti mwaka huo alizunguka Amerika Kaskazini na gitaa lake katika ziara nyingine ya kuaga, miaka 43 baada ya ile ya kwanza.